Mtani hatafsiriki

Kila Simba na Yanga wanapokaribia kukutana, magazeti yetu ya Kiswahili huandika "watani wa jadi". Chukua gazeti la Kiingereza la siku hiyohiyo, pengine limechapwa jengo lilelile, na utakuta wameandikwa kuwa ni mahasimu wa jadi. Neno la Kiingereza walilopewa lina maana ya watu wanaoshindana na kutakiana kushindwa. Hakuna aliyelalamika, na mimi mwenyewe nimeandika habari za michezo kwa miaka kadhaa bila kuliona jambo hilo. Lakini hebu tulitazame. Mtani ni mtu anayekuita Utopolo au Kolo asubuhi, na jioni ukifiwa anakuja kwako na ndoo ya maji. Hasimu haji na ndoo.

Siwalaumu wahariri. Kiingereza hakina neno moja la mtani. Wanazuoni walipolihitaji walilazimika kuunganisha maneno mawili, uhusiano na utani, wakalitumia kana kwamba ni jina la ugonjwa. A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala yake maarufu juu ya jambo hilo mwaka 1940. Alisema, kwa ufupi, kwamba ni uhusiano wa watu wawili ambapo mmoja anaruhusiwa na mila, na wakati mwingine analazimishwa nayo, kumkejeli mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike. Kwetu, aliyeandika mapema na kwa makini ni R. E. Moreau, ambaye anajulikana zaidi kwa kuchunguza ndege, na aliyekuwa akifanya kazi kule Amani, Usambara. Makala yake ya kwanza juu ya utani wa Tanganyika ilitoka mwaka 1941. Nampenda sana mtu huyu ambaye hata sijamwona: ameajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo, mapenzi yake ni ndege, halafu anakaa kuwauliza watu kwa nini Mngoni anamwita Mnyamwezi mtumwa wake na wote wawili wanacheka.

Hapo ndipo penye swali langu. Sentensi hiyo, "huyu ni mtumwa wangu", naijua kwa lugha tatu na ina maana tatu.

Bukene ni kituo cha reli katika wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kwenye njia ya kwenda Mwanza, kabla hujafika Isaka. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya reli watu wa huku walitembea. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi kama mitatu kwa miguu, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake wakuu. Mtu alibeba karibu frasila mbili begani, yaani kilo thelathini na kitu, akapita Ugogo penye ukame, akapita kwa Wasagara na Waluguru, akaingia Uzaramo, kisha pwani. Njiani hakuwa na baba wala mjomba. Akiugua, nani atamhifadhi? Akifa, nani atamchimbia kaburi? Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi hawa, anaonyesha kwamba utani ulikuwa mojawapo ya majibu ya swali hilo. Mnyamwezi alipofika kwa watani wake aliweza kuomba chakula kwa kelele na matusi ya mzaha, na mwenyeji akamjibu kwa matusi ya aina hiyohiyo, na chakula kikatoka.

Kwa hiyo utani haukuanza kama kipaji cha kuchekesha. Ulianza kama haki. Mtani wangu ana wajibu wa kunizika, na kwa sababu ana wajibu huo ana ruhusa ya kunitukana. Vitu hivi viwili havitenganishwi, na kila ninapoona utani umegeuka tusi nakuta mtu amechukua ruhusa akauacha wajibu.

Nimeona jambo hili kwa macho kwenye msiba mmoja Bukene. Marehemu alikuwa mzee, Mnyamwezi, aliyewahi kufanya kazi ya reli. Alikuwepo mwalimu mstaafu, Mzaramo, aliyehamia huko miaka mingi iliyopita na kuoa hukohuko. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mwalimu alifika asubuhi na mapema. Kwanza alisalimia: shikamoo kwa wazee, mwangaluka kwa wenzake, pole kwa mjane, kila mmoja kwa heshima yake. Utaratibu huu ukumbuke, nitaurudia. Alipomaliza kusalimia ndipo akabadilika. Akavaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akatembea kwa kuchechemea kama marehemu alivyokuwa akitembea miaka yake ya mwisho, akaanza kudai watu nauli ya treni. Mjane, aliyekuwa akilia tangu usiku, alicheka mpaka akashika kifua. Makaburini mwalimu akaingia ndani ya shimo, akalala, akasema hatoki mpaka "watumwa wake" wamlipe, kwa sababu mzee amekufa bila kumaliza mzigo aliokodiwa kuupeleka pwani. Vijana wa ukoo wakamtukana, wakasema Wazaramo hata kaburi wanataka walicheze ngoma. Zikatolewa noti chache, akatoka. Kisha akashika jembe, na alikuwa wa mwisho kuliweka chini.

Hayo yote yalikuwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyamwezi. Hakuna aliyekereka.

Sasa nikupe kisa cha pili, ambacho kimenifanya niandike. Marafiki zangu wawili walifanya kazi katika ofisi moja Dar es Salaam, shirika ambalo sitalitaja. Mmoja kwao ni Bukene, mwingine ni Mzaramo wa Kisarawe. Walikuwa wakiitana "mtumwa" tangu chuo. Mnyamwezi akiingia amebeba kompyuta na begi la karatasi, mwenzake atamwambia, "Pagazi, umefika Bagamoyo?" Naye atajibu kwamba Mzaramo atajuaje umbali wa Bagamoyo na hajawahi kubeba hata mimba ya mawazo. Mambo ya kawaida kabisa.

Ofisi ikapata mkuu mpya kutoka nje, mtu mwema, Mmarekani mweusi, na mazungumzo ya kikundi cha simu yakahamia Kiingereza ili naye aelewe. Siku moja Mnyamwezi alichelewa kuleta maboksi ya vitabu kutoka bandarini. Mwenzake akaandika kwenye kikundi, kwa Kiingereza safi, kwamba msimlaumu, babu zake walikuwa wapagazi wetu, na huyu ni mtumwa wangu, nitamchapa mwenyewe. Akaweka na alama za kucheka.

Mkuu hakucheka. Alimwita, na hakumwita kwa hasira. Alimwuliza kwa sauti ya chini kama anajua neno lile lina maana gani kwa mtu kama yeye. Rafiki yangu akaanza kueleza utani. Alieleza kwa dakika ishirini, anasema, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu kila sentensi ilianza na "kwetu ni kawaida", na hiyo ndiyo sentensi ambayo kila mnyanyasaji wa ofisini huanza nayo. Lakini kilichomuumiza hakikuwa barua ya onyo. Ni kwamba Mnyamwezi mwenyewe, alipoulizwa kama ameudhika, alinyamaza kidogo kabla ya kusema hapana.

Tuchambue. Ni nini kilichopotea kati ya Kiswahili na Kiingereza?

Jibu rahisi ni kwamba neno la Kiingereza la mtumwa limebeba historia nzito kuliko letu. Silikubali jibu hilo. Hivi Tabora haina historia ya utumwa? Njia ileile iliyopita pembe ilipita watu waliofungwa. Sheria ya Waingereza iliyofuta utumwa Tanganyika ni ya mwaka 1922. Hilo ni juzi, kuna mabibi waliozaliwa na watu walioyaona hayo. Na wapo huku watu wa familia ambazo babu zao waliletwa Tabora wakiwa mateka, wakabaki. Mbele ya mtu wa familia kama hiyo hakuna Mnyamwezi mwenye akili atakayesema "mtumwa wangu" kwa mzaha, wala kwa Kiswahili wala kwa Kinyamwezi. Neno letu lina uzito wote. Linachezewa na baadhi ya watu tu, na wale ambao kwao lilikuwa kweli hawamo.

Ukitaka kujua kwa nini hawamo, tazama nani anatania na nani. Wangoni na Wanyamwezi walipigana. Wazaramo na Wanyamwezi walikutana njiani, huyu na mzigo wake na yule na kijiji chake. Pande zote mbili zilikuwa na ukoo wa kuita, zilikuwa na kitu cha kutoa na kitu cha kukataa. Nikikuita mtumwa, una jibu, na nyuma yako kuna watu elfu wenye jibu hilohilo. Aliyetekwa akauzwa mbali hakuwa na jibu, kwa sababu kitu cha kwanza alichonyang'anywa ni ukoo ambao ungemjibia. Mtumwa wa kweli hakuwa mtani wa mtu. Ndiyo maana naona utani wa "mtumwa wangu" unasema kinyume cha maneno yake: nakuita hivyo kwa sababu sote tunajua hukuwahi kuwa.

Sasa weka sentensi hiyo mbele ya mkuu yule. Yeye ndiye mtu wa tatu ambaye utani haukumhesabu. Kiswahili kilimficha asiyehusika, kwa sababu hakukisikia. Kiingereza kikamwingiza chumbani. Na Mnyamwezi alipoliona neno lile kwenye kioo cha simu, kwa lugha ambayo aliijifunza shuleni kwa viboko na kwenye filamu za watumwa wa Marekani, kwa mara ya kwanza alilisoma kama mkuu anavyolisoma. Ule ukimya wake mfupi nauelewa hivyo. Nilimwuliza baadaye. Alisema, "Kwa Kiswahili ni yeye anaongea. Kwa Kiingereza ilikuwa kama kuna mtu mwingine."

Kuna vitu vingine vidogo vilivyodondoka njiani. Mwenzake hakuandika "mtani". Kwa Kiswahili neno hilo hutangulia au hufuata, "mtani wangu, huyu mtani", na kazi yake ni kama ya kubisha hodi: linasema ninayoyasema yasomwe humo. Kiingereza hakikumpa neno la kubishia hodi, akaingia tu. Na hakusalimia. Mwalimu wa Bukene alisalimia watu wote kwanza, kila mmoja kwa cheo chake, ndipo akavunja heshima aliyokuwa ameijenga muda si mrefu. Ukitania bila kusalimia hakuna cha kuvunja, unabaki na tusi peke yake. Ujumbe wa simu hauna shikamoo. Kisha alama za kucheka, jamani. Anayetania vizuri hacheki yeye. Mwalimu alilala kaburini na uso mkavu kabisa.

Mfano mwingine ambao wengi mnaujua nyumbani: babu na mjukuu. Tanzania nzima babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na mtoto wa miaka mitano anamjibu babu kwamba hana meno, hamtaki, anataka kijana. Ni utani wa vizazi viwili vilivyorukana, na una kazi yake. Mama ndiye anayechapa na kukataza, kwa babu mtoto anapumua. Nimewahi kukaa na familia ya Kitanzania iliyohamia Uingereza, babu amekuja kutembea. Mjukuu Kiswahili chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo babu akajitahidi kusema Kiingereza. Mbele ya mama wa rafiki wa shule, akamtambulisha mjukuu: huyu ni mke wangu. Uso wa yule mama sitausahau. Na hapo hakuna utumwa wala vita, ni mapenzi matupu. Binti wa mzee akamwomba asiseme tena, mzee akaacha. Lakini hakupata neno la kuweka mahali pake. Kwa siku zote zilizobaki alimwita mtoto kwa jina lake, kama mwalimu anavyoita mahudhurio.

Huwa nasikia watu wakisema wazungu hawana utani. Si kweli, wanatukanana vizuri sana kwenye baa zao. Tofauti ni mahali ruhusa inapotoka. Kwao marafiki wawili huitengeneza wenyewe, pole pole, na inaweza kufutwa kesho. Kwetu mtu huzaliwa nayo. Nikikutana na Mngoni nisiyemjua kwenye basi la Songea, ruhusa ipo tayari, babu zetu walishaitia saini. Anayetoka kwenye ruhusa ya kwanza akisikia ya pili anauliza, "Umemjua lini mpaka umwambie hivyo?" Swali la haki kabisa. Afrika Magharibi wangelielewa jibu letu, kwani Wamandinka na jirani zao wana utani wa majina ya koo unaofanana mno na huu. Umbali wa Bukene na Bamako ni mkubwa, lakini kwa jambo hili Bamako ni karibu kuliko Nairobi.

Ndiyo, Nairobi. Lugha nyingine si lazima iwe ya mbali. Mtanzania anayemtania Mchaga kwa kupenda hela akidhani anaweza kuhamishia mzaha huohuo kwa Mkikuyu, kwa Kiswahili hichohicho, atagundua kwamba amevuka mpaka zaidi ya ule wa Namanga. Kenya kuna utani wa koo, hasa pwani, lakini kati ya makabila makubwa mzaha umepita kwenye mikutano ya siasa, na baada ya damu ya 2007 na 2008 kuna tume na sheria ya kusimamia maneno. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kusema "madoadoa" kwenye mkutano Eldoret. Kwetu madoadoa ni ya chui na kanga. Kule neno hilo lilishawahi kutumika kuwataja majirani wanaotakiwa kuondoka. Anayelisikia hivyo hajakosa kujua Kiswahili, anakijua kwa ukurasa ambao wewe hujausoma.

Niseme na upande ambao watetezi wa utani hawapendi kuusikia. "Ni utani tu" imekuwa kichaka. Namjua bosi aliyemtania mhudumu wa ofisi kwa kabila lake kila asubuhi, na mhudumu akicheka kila asubuhi, kwa Kiswahili, mtani kwa mtani kwa mujibu wa jadi. Siku moja mhudumu akarudisha, mzaha mzuri tu, wa saizi ileile. Bosi akakaza uso. Hapo kila mtu chumbani alijua kwamba kwa miaka miwili tulikuwa tunasikiliza matusi. Ukitaka kupima, usiangalie kama anayetaniwa anacheka, kucheka ni rahisi kwa mwenye mshahara wa kupoteza. Angalia kama anajibu. Angalia pia kama ameanza kukuita kwa jina lako au cheo chako badala ya mtani, kama salamu yake imerefuka na kuwa ya adabu kuliko kawaida. Watu wetu wakiumia hawapigi kelele, wanarudi kwenye heshima.

Kwa hiyo rafiki yangu wa Kisarawe alikosea? Kwa mkuu, nadhani ndiyo, na wala si kwa sababu hakujua historia ya Marekani. Alikosea kwa sababu alimpelekea ruhusa isiyo na wajibu. Kati yake na yule Mmarekani hapakuwa na kaburi la kuchimbiana. Kwa Mnyamwezi sidhani kama alikosea, lakini alimwacha peke yake na neno, jambo ambalo mtani hatakiwi kufanya.

Walipatana bila kikao. Mwaka uliofuata mama yake Mnyamwezi alifariki, na Mzaramo akapanda basi la Tabora usiku ule ule. Nilikuwa naye. Bukene tulifika kesho yake jioni, vumbi hadi kwenye kope. Mkuu wao alikuwa ametuma salamu za rambirambi kwa Kiingereza, fupi na nzuri, zikasomwa na kutafsiriwa, wazee wakaitikia. Mzaramo alisalimia watu, akamwendea mfiwa, akamtazama kwa muda, akasema, "Pagazi. Nani kakupa ruhusa ya kutua mzigo kabla mimi sijafika?"

Yule bwana akamjibu kwa Kinyamwezi. Wanawake waliokaa mkekani wakaangua kicheko. Nikaomba nitafsiriwe, na bibi mmoja akaniambia niache, kwa Kiswahili haitapendeza.